Picha ya Kibo tuliitoa Wikipedia, sasa tunadaiwa

"Tuna kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, ofisi ipo Moshi. Tovuti tulitengenezewa na kijana mmoja miaka mitatu iliyopita. Juzi tumepokea barua pepe kutoka kampuni ya Ujerumani. Inasema picha ya Kibo iliyo ukurasa wetu wa mbele ni ya mpiga picha wanayemwakilisha, tulipe euro 680 ndani ya siku kumi na nne na tusaini karatasi ya ahadi. Kijana anasema picha aliitoa Wikipedia, na Wikipedia ni bure. Nyingine alizitoa Unsplash na Google, na fonti alikuwa nazo kwenye kompyuta yake. Tufute tukae kimya, au tulipe? Na je, hata herufi zina mwenyewe?"

Msifute kitu bado, msilipe bado, na ile karatasi msiisaini. Anzeni kwa kuhifadhi ushahidi. Fungueni ukurasa wenu wa mbele, mpige picha ya skrini inayoonyesha Kibo, anwani ya ukurasa na tarehe. Kisha itafuteni picha hiyohiyo kwa kupakia faili lenu kwenye TinEye au Google Lens, mkiangalia hasa kama ipo Wikimedia Commons, ghala ambalo Wikipedia huchota picha zake nyingi. Mkiipata, hifadhini ukurasa wake wote: jina la mpiga picha, jina la picha, tarehe iliyopakiwa, na mstari unaotaja leseni. Bandikeni anwani ya ukurasa huo kwenye `web.archive.org` ili nakala ibaki hata kama maelezo yatabadilishwa kesho. Karibu kila kitu nitakachowaambia hapa chini kinategemea ule mstari wa leseni.

Mkishamaliza hilo, iondoeni picha siku hiyohiyo. Hapa wengi hukosea. Kuitoa kwenye ukurasa hakuifuti kwenye seva. Kama tovuti yenu ni ya WordPress, faili liko ndani ya `wp-content/uploads`, na pembeni yake kuna nakala ndogondogo ambazo mfumo ulizitengeneza wenyewe siku picha ilipopakiwa. Ifuteni kwenye maktaba ya picha ya WordPress, kisha jaribuni kufungua anwani ya faili lenyewe kwenye kivinjari. Ikifunguka, bado ipo, na programu zinazozunguka mtandaoni kutafuta picha za wateja wao zitaiona.

Jambo la pili ni kujua kama barua ni ya kweli. Makampuni yanayofanya kazi hii kwa niaba ya wapiga picha yapo na yanafanya kazi halali, lakini matapeli nao wanaiga barua zao. Baadhi hutuma kiungo cha "kupakua ushahidi", na ukikibonyeza unapakua programu ya kuiba taarifa. Wengine hujifanya mawakili na hawaombi hela kabisa, wanaomba tu uweke kiungo cha tovuti yao chini ya picha. Msibonyeze kiungo wala kufungua kiambatisho. Tafuteni wenyewe tovuti ya kampuni hiyo, muandike kwa anwani iliyoko huko, muombe vitu viwili: uthibitisho kwamba mtu huyo ndiye aliyepiga picha, na maandishi yanayoonyesha kwamba amewapa mamlaka ya kumdaia. Barua ya kweli itajibiwa. Ya uongo kwa kawaida hugeuka vitisho au kimya.

Tuseme ni ya kweli. Je, kijana wenu amekosea wapi?

Hakimiliki ya picha huzaliwa pale picha inapopigwa. Haihitaji kusajiliwa, haihitaji alama ya © pembeni, wala jina la mpiga picha kuandikwa juu yake. Msingi huo umewekwa na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, na umo pia kwenye Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Chini ya mkataba huo, mpiga picha wa Ujerumani analindwa Tanzania kama anavyolindwa Mtanzania, na mpiga picha wa Moshi analindwa Ujerumani vivyo hivyo. Kusajili kazi kwenye Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kunasaidia kuthibitisha kwamba kazi ni yako, lakini siko kunakoizaa haki. Kwa hiyo hoja kwamba "haikuandikwa popote kuwa ina mwenyewe" haiwasaidii.

Hoja nyingine ninayoisikia sana ni kwamba picha ilikuwa wazi mtandaoni, kila mtu anaiona, na chanzo tulikitaja. Hoja hiyo ilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Mwanafunzi wa shule moja ya Ujerumani alikuwa akiandaa kazi ya somo la Kihispania, akapakua picha ya mji wa Córdoba kutoka tovuti ya utalii, akaandika chini yake ameitoa wapi, na shule ikaiweka kazi hiyo kwenye tovuti yake. Mpiga picha, Dirk Renckhoff, alikuwa ameipa ruhusa ile tovuti ya utalii peke yake. Akadai fidia ya euro 400. Agosti 2018 mahakama ilisema kwamba kuipakua picha na kuipakia upya kwenye tovuti nyingine ni kuipeleka kwa hadhira mpya ambayo mwenyewe hakuiruhusu, hata kama mwanzo ilikuwa wazi kwa kila mtu. Kutaja chanzo hakukuokoa chochote. Na pale ilikuwa shule na kazi ya mwanafunzi. Ninyi mnauza safari.

Sasa turudi kwa Kibo, kwa sababu kijana wenu ana nusu ya ukweli. Picha nyingi za Wikimedia Commons kweli hazilipiwi, lakini zimetolewa kwa leseni, na leseni ina masharti. Mnaijua biashara ya vibali. Kibali cha hifadhi kinataja njia, idadi ya watu na siku, na mwongozaji anayepandisha wageni nje ya hayo hawezi kujitetea kwamba kibali alikuwa nacho. Leseni ya picha nayo hutaja nani anaruhusiwa, kwa matumizi gani, na kwa sharti gani.

Leseni mtakayoikuta mara nyingi Commons ni `CC BY-SA`, moja ya leseni za Creative Commons, ikifuatiwa na namba kama 2.0, 3.0 au 4.0. `BY` inadai umtaje mpiga picha. `SA` inadai kwamba ukiibadilisha picha na kutoa kazi mpya kutokana nayo, kazi hiyo uitoe kwa leseni ileile. Kuiweka picha pembeni ya maandishi yenu hakuyafanyi maandishi yawe ya watu wote, ila mkiichanganya na picha nyingine mkatengeneza bango, bango hilo ndilo linaingia kwenye sharti. Matumizi ya biashara yanaruhusiwa, isipokuwa leseni iwe na `NC`. Leseni yenye `ND` inakataza kusambaza picha iliyobadilishwa. Yenye `CC0` haina sharti lolote. Mngekuwa mmeandika mstari mmoja tu chini ya Kibo, barua hii huenda isingekuja. Kwa picha ya 4.0 ungekuwa hivi:

```html
<p>Picha: <a href="ANWANI-YA-PICHA">Kibo kutoka Shira</a>,
JINA LA MPIGA PICHA,
<a href="https://creativecommons.org/licenses/by-sa/4.0/">CC BY-SA 4.0</a>.
Imekatwa pembeni.</p>
```

Humo kuna jina la picha na kiungo cha ilipotoka, jina la mwenyewe, leseni na kiungo chake, na taarifa kwamba mmeibadilisha. Kuandika "Picha: Wikipedia" hakutoshi, kwa sababu Wikipedia haikupiga picha hiyo.

Ile namba ya toleo, ambayo watu huipita bila kuisoma, ina uzito mkubwa kwenye dai lenu. Katika matoleo hadi 3.0, ukivunja sharti leseni inakufa palepale na hairudi yenyewe. Mnakuwa kama mtu asiyewahi kuwa na ruhusa. Toleo 4.0, lililotoka mwaka 2013, lina huruma kidogo: ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua, leseni inafufuka kuanzia siku uliyorekebisha. Lakini hata hapo mwenye picha hapotezi haki ya kudai kwa muda uliopita. Wapo wapiga picha wachache wanaopakia kazi zao kwa leseni za matoleo ya zamani, wakakaa wakisubiri wanaosahau kuandika jina, kisha wakawadai. Binafsi naona huo ni mwenendo mbaya unaowatia watu hofu ya kutumia ghala lililojengwa kwa nia njema, na ndani ya Commons kwenyewe watu wameulalamikia sana. Lakini ni mwenendo wenye mguu wa kisheria, kwa hiyo mjibuni kwa hesabu, msijibu kwa hasira.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mahakama za Ujerumani kwa kawaida huuliza: huyu aliyetumia picha angelipa kiasi gani kama angeomba ruhusa kwa utaratibu? Wanaodai hupenda kutumia orodha ya bei iitwayo MFM, na pale ambapo jina halikutajwa huongeza kiasi kilekile mara ya pili. Waombeni wawaonyeshe euro 680 imejengwaje, na msishangae mkikuta ni 340 mara mbili. Kisha ulizeni swali linalowahusu ninyi hasa: je, mpiga picha huyu amewahi kumuuzia mtu yeyote leseni ya picha hii kwa bei hiyo, au ameitoa bure kwa `CC` tangu mwanzo? Picha ambayo kila kampuni duniani ingeweza kuitumia bila senti kwa kuandika jina tu, ni vigumu kusema bei yake ya soko ilikuwa mamia ya euro. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Cologne, kwenye shauri la picha iliyotolewa kwa leseni ya Creative Commons, iliona thamani ya leseni hiyo kwa kukokotoa fidia ni sifuri. Si kila mahakama itafuata njia hiyo, na shauri lile lilikuwa na mazingira yake. Lakini ni hoja ya kweli mezani, na anayedai anaijua.

Kwa hiyo jibu lenu liwe fupi. Semeni mmeipokea barua, picha imeondolewa tarehe fulani, mnaomba uthibitisho wa umiliki na mchanganuo wa kiasi, na kwamba kwa kadiri mnavyojua picha ilitolewa kwa leseni fulani. Msiandike "tunakiri kosa", msiandike pia "sisi tuko Afrika, hamtatupata". Wakithibitisha kwamba picha ni yao, toeni kiasi mnachoona ni cha haki, na muombe kwamba malipo hayo yafunge madai yote ya picha hiyo, kwa maandishi. Madai mengi ya aina hii huisha kwa kiasi kidogo kuliko cha barua ya kwanza. Na kama mtagundua picha haikuwa ya Commons kabisa, bali ya mpiga picha anayeuza kazi zake, hoja ya bei ya sifuri inakufa, nanyi mjiandae kulipa zaidi.

Kukaa kimya sikushauri, ingawa najua kunavutia. Ni kweli kwamba kumfuata mtu Moshi kwa euro 680 ni kazi ya gharama. Lakini tovuti yenu yaelekea haikai Moshi. Iko kwenye seva za kampuni ya Marekani au Ulaya, na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo DMCA inampa mwenye picha njia ya kumwandikia mwenye seva moja kwa moja. Mwenye seva, ili ajilinde, huiondoa picha haraka, na malalamiko yakirudiwa anaweza kuifunga akaunti nzima. Tovuti ikizimika mwezi Juni, wakati wageni wa Julai na Agosti wanathibitisha safari, hasara itapita euro 680 mara nyingi. Na kama mna kurasa za Kijerumani na bei za euro, mtakuwa mmempa anayedai hoja nzuri ya kwenda mahakama ya kwao.

Ile karatasi ya ahadi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko fedha. Kwa kawaida inasema hamtaitumia tena picha hiyo, na mkirudia mtalipa faini kubwa kwa kila kosa. Ukishasaini umeingia mkataba, na haukwishi kwa mwaka mmoja wala miwili. Kopi moja iliyosahaulika kwenye ukurasa wa zamani wa blogu, au kwenye broshua ya PDF iliyobaki kwenye seva, inatosha kuamsha faini. Mara nyingi maneno yake huandikwa kwa upana unaozidi kinachohitajika. Kabla ya kuisaini, mtafuteni wakili, na hapo msibahili. Wakili wa Moshi au Arusha anayefanya kazi za mikataba na haki miliki anaweza kuisoma, na COSOTA wanaweza kuwaelekeza upande wa sheria ya nyumbani. Lakini kama barua imetoka kwa wakili wa Ujerumani mwenyewe, au ikifika hati yoyote ya mahakama, tafuteni wakili wa Ujerumani mara moja, kwa sababu siku za kujibu huwa chache na mahakama ya huko inaweza kutoa amri bila kuwasikiliza.

Picha zilizotoka Google zitoeni zote. Google haina picha; inaonyesha picha za watu. Isipokuwa kijana anaweza kuonyesha ukurasa wa chanzo na leseni ya kila moja, hamna kitu cha kujitetea nacho, na kuzigeuza rangi au kuzikata kidogo hakubadilishi lolote. Hakuna asilimia ya mabadiliko inayoifanya picha ya mtu kuwa yako.

Za Unsplash ni salama zaidi. Leseni yao inaruhusu kutumia bure, hata kwa biashara, bila kulazimika kutaja jina, na inakataza kuuza picha kama ilivyo au kuzikusanya kuanzisha huduma shindani. Angalieni tu kwamba hazikutoka Unsplash+, ambayo ni ya kulipia na ina masharti yake. Hatari ya Unsplash ipo mahali pengine. Mtu yeyote anaweza kupakia, na Unsplash haiwadhaminii kwamba aliyepakia ndiye aliyepiga, wala kwamba mtu anayeonekana kwenye picha amekubali. Kwa kila picha mnayoibakiza, wekeni picha ya skrini ya ukurasa wake yenye jina la aliyepakia na tarehe mliyoipakua. Ukurasa huo ukifutwa baadaye, hicho ndicho kitakachobaki mkononi.

Suala la mtu anayeonekana lina haki yake tofauti na hakimiliki, na kampuni za utalii ndizo zinazolikanyaga zaidi. Mpiga picha anaweza kuwapa haki zake zote, lakini hawezi kuwapa ridhaa ya mzee wa Kimasai aliyesimama mbele ya kamera. Kenya, mwezi Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilizitoza faini klabu moja ya starehe, shilingi 1,850,000 za Kenya, kwa kubandika picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja, shilingi 4,550,000, kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Kama uso wa mtu unatambulika na picha inauza safari zenu, ridhaa yake iwepo kwa maandishi.

Mkiamua kununua picha kwenye maduka kama Shutterstock au iStock, mtakutana na maneno mawili yanayowapoteza wengi. La kwanza ni `Royalty-free`. Maana yake unalipa mara moja bila kulipia kila matumizi, si kwamba ni ya bure. La pili ni `Editorial use only`: hiyo ni kwa habari na elimu, haifai kwenye tangazo wala ukurasa wa kuuza. Picha ya umati wa sokoni au yenye nembo za makampuni mara nyingi iko kundi hili. Na nunueni kwa akaunti ya kampuni yenu. Kijana akinunua kwa akaunti yake kisha mkaachana, risiti na leseni vinaondoka naye.

Lakini kwa nini mnunue Kibo? Waongozaji na wapagazi wenu wako mlimani wiki nzima wakiwa na simu nzuri mfukoni. Kubalianeni nao kwa karatasi fupi: picha fulani, kampuni inaruhusiwa kuzitumia kwenye tovuti, mitandao ya kijamii na vipeperushi, kwa muda fulani, kwa malipo fulani, na jina la mpigaji litatajwa au la. Msitegemee kwamba kwa kuwa ni mfanyakazi, au kwa kuwa mlimlipa mpiga picha wa harusi aje siku moja, haki zimehamia kwenu zenyewe. Wageni wanaowatumia picha za kileleni kwa WhatsApp nao hawajawapa ruhusa ya kuzitangaza, wamewatumia kumbukumbu. Ujumbe mmoja unatosha: "Asante kwa picha ya Uhuru. Uliipiga wewe mwenyewe? Tunaomba ruhusa yako kuitumia kwenye tovuti na kurasa zetu za mitandao, tukitaja jina lako la kwanza." Akijibu ndiyo, hifadhini mazungumzo hayo nje ya simu. Lile swali la nani aliipiga msiliruke, kwa sababu kileleni mara nyingi simu hushikwa na mtu mwingine.

Ndiyo, fonti zina mwenyewe. Umbo la herufi na faili la fonti ni vitu viwili mbele ya sheria. Marekani, kwa mfano, hailindi muundo wa herufi kwa hakimiliki, lakini faili la fonti linalindwa kama programu ya kompyuta. Ndiyo maana leseni za fonti hugawanywa kwa matumizi kama leseni za programu. Ipo ya kuitumia kwenye kompyuta yako kuandikia na kuchapishia, ipo ya kuiweka kwenye tovuti, nayo mara nyingi hupimwa kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa kwa mwezi, na ipo ya kuiingiza ndani ya programu ya simu. Aliye na ya kwanza hana ya pili.

Fungueni tovuti yenu kwenye Chrome, mbonyeze F12, muende `Network`, kisha `Font`, na mpakie ukurasa upya. Mtaona orodha ya mafaili ya fonti ambayo tovuti inawapelekea wageni. Tuchukulie mkute matatu: Calibri, fonti ya mapambo iliyotoka tovuti ya DaFont, na Noto Sans inayotoka `fonts.gstatic.com`, seva ya Google.

Calibri ilikuja na Windows au Office. Mnaruhusiwa kuandikia nyaraka na kuchapisha vipeperushi nayo, lakini kuchukua faili lake na kulipakia kwenye seva hakumo kwenye ruhusa hiyo. Itoeni. Ile ya DaFont, rudini kwenye ukurasa wake msome maneno yaliyo juu ya kitufe cha kupakua. Ikiwa imeandikwa `Free for personal use`, kampuni si matumizi binafsi, hata kama mmeitumia kwenye nembo peke yake. Mwandikieni mbunifu wake. Wengi huuza leseni ya biashara, na ni afadhali kununua kuliko kubadili nembo ambayo imeshachapwa kwenye fulana, mahema na magari. Mkiinunua, nembo wekeni kama picha, bila kupakia faili la fonti kwenye tovuti. Mara nyingi leseni ya kompyuta inaliruhusu hilo, ila isomeni kwanza.

Noto Sans haina shida ya leseni. Kama fonti nyingi za Google Fonts, imetolewa kwa SIL Open Font License, inayoruhusu biashara, tovuti na kuchapa, na inakataza hasa kuiuza fonti hiyo peke yake. Shida iko kwenye njia ya kuileta. Tovuti inapoivuta kutoka seva za Google, anwani ya IP ya mgeni inakwenda Google bila yeye kuulizwa. Januari 2022 mahakama ya Munich ilimwamuru mwenye tovuti amlipe mgeni wake euro 100 kwa jambo hilo, na baada ya hapo watu wengi Ujerumani walianza kupokea barua za madai kama yenu. Kwa kampuni yenye wageni Wajerumani, dawa ni rahisi na haina gharama. Pakueni fonti kutoka Google Fonts, muiweke kwenye seva yenu, na faili la leseni, `OFL.txt`, linalokuja nayo mliache kwenye folda hiyohiyo. Kisha kwenye CSS:

```css
@font-face {
  font-family: "Noto Sans";
  src: url("/fonti/NotoSans-Regular.ttf") format("truetype");
}
```

Futeni na ule mstari wa zamani unaoita `fonts.googleapis.com`, mrudie F12 kuhakikisha hakuna ombi linalokwenda huko tena. Baadhi ya violezo vya WordPress huuita vyenyewe, kwa hiyo msiamini hadi mmeona orodha ya `Font` ikitaja anwani yenu peke yake.